Picha 640, zikabaki 10: Jinsi mpiga picha anavyomweleza mteja uchaguzi wake

Vikundi vya wakulima, shule, misikiti, makanisa na kamati za maji katika kaunti hii hukodi wapiga picha kila wanapokuwa na shughuli. Makubaliano kwa kawaida huwa mafupi: njoo upige, halafu utuletee picha 10 nzuri za ripoti na za ubao wa matangazo. Ugomvi huanza siku picha zinapoletwa. Mwenyekiti hajioni akihutubia. Mgeni wa heshima ametokea mara moja tu. Wanakamati wanauliza zilikokwenda picha nyingine mia sita, kwa sababu kila mtu alisikia kamera ikilia siku nzima.

Mara nyingi hakuna aliyedanganya. Kinachokosekana ni maelezo. Mpiga picha akiandika barua pepe fupi inayosema alichaguaje, mteja hupata njia ya kukubali, kukataa au kuomba picha moja ibadilishwe, bila kuvunjiana heshima. Makala hii inatoa mfano wa barua hiyo na kufafanua yaliyomo, ili anayelipa na anayelipwa waelewane.

Mfano ni wa siku ya wakulima katika wadi ya Chewele, kwenye mashamba ya mahindi ya mbegu ya mradi wa unyunyizaji wa Bura. Shughuli ilianza saa tatu asubuhi na kwisha saa saba mchana. Aliyeagiza kazi ni kikundi cha kina mama, na mpiga picha ni kijana wa hapo hapo wadini. Mfano umetungwa kwa ajili ya maelezo, lakini kila hatua iliyomo ndiyo hufuatwa na wapiga picha wa shughuli.

Barua yenyewe

Mama Mwenyekiti, shikamoo.

Nimekutumia picha 10 za siku ya wakulima. Najua mliniona nikipiga nyingi, kwa hivyo naeleza nilivyofika kwenye hizi.

Kwenye kadi ya kamera zilikuwa picha 640. Nilitoa 230 zilizokuwa na kasoro: zilizotikisika, macho yaliyofumba, na nyuso zilizokuwa nyeusi kwa sababu ya jua la nyuma. Zilizobaki 410 nyingi zilikuwa za jambo moja lililopigwa mara kadhaa. Nilichukua iliyo bora katika kila fungu, zikawa 95. Baada ya hapo nikauliza kila picha inamwambia nini mtu ambaye hakuwapo. Zikabaki 31, kisha 10.

Nilizipanga kwa kazi zake. Ya 1 inaonyesha shamba na watu wote saa nne. Ya 2 ni foleni ya kujiandikisha. Ya 3 ni afisa wa kilimo akipima nafasi kati ya mistari kwa kamba. Ya 4 ni mikono ya vijana ikiondoa maua ya juu ya mahindi. Ya 5 ni mama aliyeinua jani lililoliwa na viwavijeshi akiuliza swali, na ya 6 ni afisa akiinama kulitazama jani hilo. Ya 7 ni mgeni wa heshima akizungumza. Ya 8 ni wewe, Mama, ukiwaongoza vijana kati ya mistari. Ya 9 ni wazee, wakulima kwa wafugaji, wakisikiliza chini ya mti. Ya 10 ni kamati yote ya watu 18.

Kuna mambo matatu ambayo huenda mkaniuliza. Kwanza, hotuba yako niliipiga mara 22. Kipaza sauti kilifunika mdomo katika nyingi, na zilizo wazi zina kivuli kizito machoni kwa kuwa ilikuwa saa sita. Nikaona ya 8 inakutendea haki zaidi. Ukiitaka ya hotuba, ninayo moja ya kutumika, na itabidi tutoe mojawapo kati ya ya 2 na ya 9. Pili, kuna picha nzuri mno ya mtoto akicheka na gunzi la hindi. Sikuiweka kwa sababu sikumpata mzazi wake kuniruhusu. Mkimjua mzazi na akakubali kwa maandishi, nitaileta. Tatu, mmoja wa wanakamati aliniomba niiache picha ya jani lililoliwa, asije mtu akadhani shamba letu limeshindwa. Nimeiacha ndani kwa sababu swali lile ndilo lililochukua muda mrefu kuliko jambo lolote siku ile, na jibu lake liko kwenye picha inayofuata. Uamuzi wa mwisho ni wenu.

Picha nimezituma kama faili, zisipungue ukubwa. Zile 31 nitazitunza hadi ripoti yenu ikamilike.

Ahsante, na salamu kwa kina mama wote.

Kasoro zinazoitoa picha mapema

Mteja akisikia kwamba picha 230 zilitupwa, anaweza kudhani kijana hajui kazi. Kupoteza theluthi moja katika shughuli ya watu wanaotembea na kuzungumza ni jambo la kawaida. Mtu anayezungumza hufumba macho, hupindisha mdomo na kugeuza kichwa kila sekunde, ndiyo sababu mpiga picha hubonyeza mara nyingi akitafuta ile moja iliyo sawa.

Kwenye skrini ndogo ya kamera karibu kila picha huonekana safi. Kasoro hujitokeza kwenye kompyuta, picha ikikuzwa hadi jicho la mhusika lionekane vizuri. Ikiwa kila kitu kimeburutika kuelekea upande mmoja, kamera ilitikisika. Ikiwa mahindi ya nyuma ni makali na uso ni hafifu, lenzi ililenga mahali pasipo. Picha za aina hizo mbili haziokoleki. Lakini ikiwa uso ni mkali na mkono pekee ndio uliofifia, mtu alisogeza mkono tu, na picha kama hiyo huweza kubaki kwa sababu inaonyesha kazi ikifanyika.

Jua la Tana River lina hasara yake pia. Mtu akisimama kivulini na nyuma yake pana uwanja unaowaka, kamera hupima mwanga wa nyuma na uso hutoka mweusi. Saa sita mchana jua likiwa utosini, kofia na mitandio hutia giza machoni. Sehemu nyeusi mara nyingi huweza kuinuliwa kwenye kompyuta, hasa kama kamera ilihifadhi faili ghafi. Sehemu iliyoungua na kuwa nyeupe kabisa, kama kanzu iliyopigwa na jua, hairudi, kwa kuwa hakuna kilichoandikwa hapo.

Hema la rangi nalo huleta shida yake. Watu waliokaa chini ya hema la buluu hutoka na nyuso za buluu. Kama picha nzima ilipigwa chini ya hema, rangi hurekebishwa kwa dakika moja. Kama nusu ya watu wako hemani na nusu wako juani, ukirekebisha upande mmoja unaharibu wa pili, na picha hiyo huachwa.

Kutoka 410 hadi 95

Hatua inayofuata haihusu ubaya wa picha, bali marudio. Mpiga picha hupanga picha kwa muda ziliopigwa, na zile za jambo moja hukaa pamoja: 12 za afisa na kamba, 9 za foleni, 22 za hotuba. Huzitazama mbili mbili, anaibakiza iliyo bora na kuilinganisha na inayofuata, hadi ibaki moja au mbili. Katika programu ya Lightroom, herufi P huipa picha alama ya kubaki na X alama ya kukataliwa. Asiye na programu hiyo hutengeneza folda mbili na kuhamisha faili. Jambo la kuzingatia ni kwamba hakuna picha inayofutwa kabisa katika hatua hii, na kadi ya kamera haisafishwi kabla ya kuwapo nakala mbili katika vifaa viwili tofauti.

Picha ya pamoja ya kamati ina hesabu yake. Mwaka 2006 Waaustralia wawili, Nic Svenson na Piers Barnes, walipewa tuzo ya kuchekesha ya Ig Nobel kwa kukokotoa ni picha ngapi zinahitajika ili angalau moja isiwe na mtu aliyefumba macho. Kanuni yao rahisi ni ya kundi lisilofika watu 20: gawa idadi ya watu kwa 3 kukiwa na mwanga mzuri, na kwa 2 mwanga ukiwa hafifu. Kamati ya watu 18 juani huhitaji picha 6. Ndani ya ukumbi wenye giza huhitaji 9. Wanakamati wanaolalamika kwamba wamesimamishwa muda mrefu kwa picha moja watajua sasa kwamba si picha moja.

Wengine huomba uso wa mtu aliyefumba macho utolewe kwenye picha nyingine na kubandikwa hapo. Kompyuta inaweza kufanya hivyo. Kwa kadi ya harusi si neno, lakini kwa ripoti inayothibitisha kwamba jambo lilitendeka, picha iliyounganishwa haipaswi kutumika. Siku ikigunduliwa, hata zile 9 za kweli zitatiliwa shaka.

Kila picha na kazi yake

Hapa ndipo uchaguzi unapokuwa mgumu, kwa sababu picha 95 zilizobaki zote zinafaa. Kinachoamua sasa ni seti nzima. Picha mbili nzuri zinazosema jambo lile lile hupunguza seti, kwa kuwa ya pili imekalia nafasi ya jambo ambalo halijasemwa. Ndiyo maana mgeni wa heshima alipata moja. Picha tatu za mtu mmoja kwenye kipaza sauti zingemwambia msomaji kwamba siku ya wakulima ilikuwa mkutano wa hotuba, ilhali muda mwingi watu walikuwa shambani.

Njia ambayo wengi hutumia ni kuanza na mambo na kuzitafutia picha baadaye. Ilikuwa wapi na watu wangapi? Nani walikuja? Walifanya nini kwa mikono yao? Nani aliuliza, na akajibiwa nini? Nani anawajibika? Kila swali hupewa picha moja. Swali likikosa picha, mpiga picha hurudi kwenye zile 410 na kutafuta hata iliyo hafifu kidogo. Picha ya 2 ya foleni si ya kupendeza, lakini hakuna nyingine iliyoonyesha kina mama waliofika mapema wakiwa wamebeba watoto mgongoni.

Seti ikishapangwa, hutazamwa tena kwa jicho la mtu wa nje. Wanawake wametokea wakifanya nini, na wanaume wakifanya nini? Vijana wapo? Katika eneo la wakulima na wafugaji, seti yenye upande mmoja tu huweza kusomwa kama upande wa pili haukualikwa, hata kama walikaa benchi moja. Picha ya 9 ilipata nafasi kwa sababu hiyo, ikiishinda picha ya mandhari iliyokuwa na rangi nzuri zaidi.

Picha iliyo bora inapoachwa

Picha ya mtoto na gunzi huenda ndiyo ingependwa kuliko zote 10. Iliachwa kwa sababu ya sheria. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, picha inayomtambulisha mtu ni taarifa binafsi yake. Kwa mtoto, kifungu cha 33 kinataka idhini ya mzazi au mlezi, na matumizi yawe kwa maslahi ya mtoto huyo. Mwezi Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitangaza faini ya shilingi 4,550,000 dhidi ya shule moja ya Nairobi kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Tangazo hilo hilo lilitoza ukumbi mmoja wa burudani shilingi 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja wake bila ruhusa.

Kikundi kinachobandika picha kwenye ubao au kuzituma mtandaoni kinaguswa na sheria hii, wala si mpiga picha peke yake. Mtu mzima aliyekubali anaweza pia kuiondoa idhini yake baadaye. Anayefunika uso kwa mtandio au kugeuka kamera inapoelekezwa kwake ameshajibu, na picha yake hutolewa bila mjadala.

Picha ya 1 na hesabu ya watu

Picha ya shamba lote ilipigwa saa nne. Saa tatu viti vingi vilikuwa vitupu, na saa sita watu walikuwa wametawanyika vivulini. Kuchagua saa nne ni halali, kwa kuwa ndipo watu walipokuwa pamoja, mradi maelezo chini ya picha yaseme saa. Isiyo halali ni ile iliyokatwa pembeni ili viti vitupu visionekane, au iliyopigwa kwa lenzi ya mbali inayobana watu 40 wakaonekana kama 200.

Ukataji wa namna hiyo umewahi kuingia katika kumbukumbu za serikali kubwa. Baada ya kuapishwa kwa rais wa Marekani mwezi Januari 2017, mpiga picha wa idara ya hifadhi za taifa aliombwa alete picha zaidi za umati. Nyaraka zilizotolewa mwaka 2018 zilionyesha kwamba alizikata picha pale watu walipoishia, ili uwanja mtupu usionekane. Hakuna mtu aliyeongezwa kwenye picha, lakini anayeitazama hupata hesabu nyingine. Kwa kikundi kinachoripoti idadi ya waliofunzwa, picha ya 1 lazima ikubaliane na orodha ya foleni kwenye picha ya 2.

Hali ni hiyo hiyo kwa jani la viwavijeshi. Kuliondoa kungeacha seti ya siku isiyo na tatizo, na msomaji angebaki akijiuliza kwa nini afisa ameinama kwenye picha ya 6.

Mambo ya kuandikiana kabla ya shughuli

Maswali mengi yaliyomo kwenye barua hupungua yakikubaliwa mapema. Karatasi moja yenye sahihi mbili inatosha, na iseme yafuatayo:

- Picha ni za nini: ripoti, ubao wa matangazo au mtandao. Ya ubao huchapishwa kubwa na huhitaji faili kamili. Mtandao wa WhatsApp hupunguza ukubwa wa picha, isipokuwa ikitumwa kwa kuchagua Document.
- Watu wasioweza kukosa, wasizidi watatu au wanne, na mtu wa kumwonyesha mpiga picha ni nani.
- Nani atapata idhini za wazazi, na fomu zitajazwa wapi. Meza ya kujiandikisha ndiyo mahali rahisi zaidi.
- Mteja anaweza kubadilisha picha ngapi baada ya kuona seti. Mbili ni kiasi cha haki kwa pande zote.
- Picha zilizosalia ni za nani. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, hakimiliki ya kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa makubaliano yaseme vingine. Mpiga picha anayetaka kubaki na haki, au asiyetaka picha zenye kasoro zitoke nje, aandike hivyo kabla ya siku yenyewe.

Mteja anayetaka kubadilisha picha ataeleweka upesi akitaja namba ya picha na kazi anayotaka ifanywe. "Toa ya 2, weka ya hotuba" ni ombi linalotekelezeka jioni ile ile. "Hizi hazijatupendeza, tuletee zote" humrudisha kila mtu kwenye picha 640, zikiwamo 230 ambazo hakuna angependa kujiona ndani yake.